Usingizi uliofunika nimonia: kisa cha mtoto wa miezi 14 na dawa ya maji ya promethazini

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauzaji wa maduka ya dawa, wauguzi na matabibu wa vituo vya afya, na mzazi yeyote mwenye chupa ya dawa ya kikohozi kabatini. Majina, mahali, tarehe na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtoto au familia yake yameondolewa. Saa, vipimo na mpangilio wa matukio vimebaki.

## Usuli

Mtoto wa kiume, miezi 14, kilo 9, chanjo zote amepata, ananyonya bado na anakula uji na wali laini. Hakuwahi kulazwa. Anaishi na mama yake, bibi mzaa mama, na mjomba. Mama anafanya kazi ya zamu, kwa hiyo mchana mtoto hubaki na bibi. Jambo hili la kulelewa na watu wawili kwa kupokezana ni la kawaida katika nyumba zetu, na litakuwa na uzito mbele ya safari.

Mafua yalimwanza siku ya Jumatano. Alhamisi kikohozi kikafuata, na usiku wa Alhamisi mtoto hakulala, wala mama hakulala. Ndani ya nyumba kulikuwa na chupa ya dawa ya mafua ya watoto iliyobaki tangu mwezi uliotangulia, yenye parasetamoli na klorofeniramini. Bibi alikuwa akimpa kijiko kimoja mchana.

Promethazini ni dawa ya kundi la kwanza la dawa za mzio, imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1940. Hutumika kwa mzio, kichefuchefu, kutapika safarini, na wakati mwingine kumtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji. Dawa ya maji inayouzwa sana kwetu ina miligramu 5 katika kila mililita 5, yaani miligramu 1 kwa mililita 1. Hupatikana pia ikiwa imechanganywa na viungo vingine katika dawa za kikohozi, na hapo jina kubwa la chupa huwa la kikohozi, huku promethazini ikiandikwa kwa herufi ndogo kwenye orodha ya viungo. Katika lebo utaikuta kama Promethazine.

## Dukani, Ijumaa jioni

Mama alipita duka la dawa akitoka kazini. Maneno yake, kama alivyoyasimulia baadaye hospitalini, yalikuwa haya: "Dada, mtoto anakohoa, usiku halali kabisa. Nipe ile ya maji inayomsaidia mtoto kulala." Muuzaji alimuuliza kama mtoto ana homa. Mama akajibu kwamba mwili una joto kidogo. Umri wa mtoto haukuulizwa, wala uzito, wala dawa nyingine aliyokuwa akitumia.

Muuzaji alitoa chupa ya mililita 60 ya promethazini. Kwenye kikaratasi cha bahasha aliandika "1 x 2". Boksi la dawa lilibaki dukani kwa kuwa mama alitaka chupa tu iingie kwenye mkoba. Ndani ya boksi lile ndimo kilimokuwa kikombe kidogo cha kupimia pamoja na karatasi ya maelezo, na ubavuni mwake kulikuwa na mstari wa Kiingereza unaokataza dawa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka 2. Lebo ya chupa yenyewe ilisema tu kwamba ifuatwe maelekezo ya daktari.

Muuzaji alipofuatwa baada ya tukio alieleza bila kuficha. Wateja wengi huiomba dawa hiyo kwa jina au kwa kazi yake ya kulaza, hurudi wakisema imefanya kazi, na yeye hakuwahi kuona madhara. Kwake "1 x 2" ilimaanisha kijiko kimoja cha chai, asubuhi na jioni.

## Nyumbani, kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumapili alfajiri

Saa 3 usiku wa Ijumaa mama alimpa mtoto kijiko kimoja cha chai, karibu mililita 5. Mtoto akalala kabla ya saa 4 na hakuamka hadi asubuhi. Nyumba nzima ikalala. Mama alisema ilikuwa faraja kubwa, na ni haki yake kusema hivyo. Mtu aliyekesha na mtoto anayekohoa anaelewa.

Jumamosi saa 1 asubuhi, kabla mama hajaondoka, bibi alimpa kijiko cha pili. Mchana mtoto alisinzia muda mrefu. Uji aliukataa. Saa 7 mchana bibi alimpa na kijiko chake cha dawa ya mafua kama kawaida, akijua hiyo ni dawa nyingine kwa tatizo jingine. Jioni mtoto alinyonya kidogo, akawa hana uchangamfu, ila kikohozi kilikuwa kimepungua sana. Bibi alimwambia binti yake aliporudi, "Mwanangu, dawa imemkubali. Leo hata kukohoa hakohoi."

Saa 2 usiku mama alimpa kijiko cha tatu. Saa 5 usiku mtoto aliamka akilia kwa sauti nyembamba na kuhangaika. Mama, akiwa gizani na hakioni kile kijiko cha chai, alichukua kijiko cha chakula kilichokuwa mezani na kumpa kimoja. Alidhani dawa haikumtosha.

Saa 10 alfajiri mama aliamka kwa sababu matiti yalikuwa yamejaa. Mtoto hakuwa ameamka kunyonya usiku ule. Alikuwa anakoroma, jambo ambalo hakuwa nalo, na katikati ya koromo kulikuwa na kimya, kisha pumzi moja ndefu, kisha koromo tena. Alimtikisa, akampangusa uso kwa maji. Mtoto alikunja uso bila kufungua macho. Mjomba alikimbia kutafuta bajaji.

Jambo alilofanya mjomba wakati wa kutoka lilirahisisha kazi yote iliyofuata: alizitia chupa zote mbili mfukoni, pamoja na vijiko viwili.

## Kituo cha afya, saa 11 kasoro alfajiri

Muuguzi wa zamu alimpokea na kumlaza kwenye kitanda cha dharura. Mtoto aliitika kwa kubonyezwa kucha tu, si kwa sauti. Pumzi zilikuwa 16 kwa dakika, zikiwa na vituo vya sekunde 8 hadi 10. Kwa mtoto wa umri huu tunatarajia pumzi kati ya 24 na 40. Oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 86. Mapigo ya moyo 164, joto nyuzi 38.4, mdomo mkavu, mboni za macho pana kiasi. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi. Sukari ya damu ilikuwa chini, milimoli 2.4 kwa lita.

Tabibu alikuwa na maswali mawili ya haraka: je, ni homa ya uti wa mgongo, au ni nimonia kali? Mtoto mwenye homa asiyeamka anahesabiwa kuwa na hatari, na mwongozo wa huduma jumuishi kwa mtoto mgonjwa unamwagiza tabibu aanze matibabu na atoe rufaa. Alichokifanya kwanza hakikutegemea jibu. Alimweka mtoto shingo ikiwa katika mkao wa kufungua njia ya hewa, akafyonza makamasi mazito puani na mdomoni, akamwekea mirija ya oksijeni puani kwa lita 1 kwa dakika, na mfuko wa kupumulisha ukawekwa kando ya kichwa tayari kwa kutumika. Oksijeni ilipanda hadi 95. Sindano ya mshipa ikapatikana, akapewa glukosi ya asilimia 10, mililita 45, yaani mililita 5 kwa kila kilo.

Baada ya nusu saa sukari ilikuwa 5.1, lakini mtoto hakuamka. Kama sukari ndiyo ingekuwa chanzo kikuu cha usingizi ule, angeanza kufungua macho. Hapo ndipo muuguzi alipouliza, "Mama, amepewa dawa gani tangu alipoanza kuumwa? Zote, hata za kienyeji." Mjomba akatoa chupa.

Chupa ya promethazini ilikuwa imebaki mililita 32. Mililita 28 zilikuwa zimetumika. Muuguzi alijaza maji kile kijiko cha chakula hadi ukingoni, akayavuta kwa bomba la sindano: mililita 13. Hesabu ikakubaliana na simulizi: 5, 5, 5, na 13. Kati ya saa 2 na saa 5 usiku mtoto wa kilo 9 alikuwa amepata miligramu 18, yaani miligramu 2 kwa kila kilo, juu ya mabaki ya vijiko viwili vya mwanzo na klorofeniramini ya mchana.

## Maamuzi yaliyofanyika, na kwa nini

Mama aliuliza kama mtoto apewe maziwa au atapishwe. Alikatazwa yote mawili. Mtoto asiyeamka hawezi kulinda koo lake, na kinachotapikwa au kumiminwa mdomoni huishia kwenye mapafu. Kwa sababu hiyohiyo mkaa wa dawa, unaonasa sumu tumboni, haukutumika. Ulikuwa umechelewa kwa saa nyingi, na ungekuwa hatari zaidi kuliko dawa yenyewe.

Tabibu alifikiria naloksoni. Dawa hiyo huondoa athari ya kodeini na jamaa zake, na zipo dawa za kikohozi zinazochanganya promethazini na kodeini. Alisoma viungo vya chupa zote mbili, kimoja baada ya kingine. Kodeini haikuwamo, kwa hiyo naloksoni haikutolewa. Promethazini haina dawa ya kuiondoa. Mgonjwa husaidiwa kupumua na kuangaliwa hadi mwili utakapoimaliza.

Uamuzi wa tatu ndio uliohitaji busara zaidi. Maelezo ya usingizi yalikuwa yamepatikana, na ingekuwa rahisi kusema kila kitu ni dawa. Tabibu hakusema hivyo. Promethazini inaweza kukausha mdomo, kupanua mboni, kuharakisha moyo na hata kupandisha joto kwa kuzuia jasho, lakini inapomlaza mtoto kiasi hiki pumzi hupungua, na pumzi zilizopungua haziwezi kutumika kuikataa nimonia. Alipewa dozi ya kwanza ya seftriaksoni, ambayo ingefaa kwa nimonia na kwa homa ya uti wa mgongo pia, akapelekwa hospitali ya wilaya akiwa na oksijeni na muuguzi aliyekaa naye garini akimhesabia pumzi njia nzima.

Hospitalini, uchomaji wa mgongo kuchukua maji uliahirishwa kwa kuwa kumkunja mtoto asiyepumua vizuri kungeweza kumzimisha pumzi kabisa. Walimlaza karibu na meza ya muuguzi, mashine ya kupima oksijeni ikiwa kidoleni, kichwa kimeinuliwa kidogo. Hakupewa dawa nyingine yoyote ya kutuliza wala ya mafua.

## Kilichotokea

Saa 8 mchana wa Jumapili mtoto alifungua macho na kumtafuta mama. Na kadiri alivyoamka, pumzi zikapanda: 28, kisha 40, kufikia saa 11 jioni 54, mbavu za chini zikibonyea ndani kila anapovuta hewa. Kwa umri wa mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka. Picha ya kifua ilionyesha kivuli upande wa kulia chini. Nimonia ilikuwapo tangu mwanzo. Dawa ilikuwa imemnyamazisha.

Shingo ilikuwa laini na mtoto alikuwa akicheza na kamba ya mashine, hivyo uchomaji wa mgongo ukafutwa. Oksijeni iliondolewa Jumatatu usiku. Alhamisi alirudi nyumbani akinyonya na kula. Katika ziara ya marejeo wiki mbili baadaye hakukuwa na tatizo lililobaki.

Fomu ya taarifa ya madhara ya dawa ilijazwa na kutumwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ikiwa na jina la dawa, namba ya toleo, kipimo kilichotumika na saa zake.

## Uchambuzi: kikohozi kilipungua, ugonjwa haukupungua

Sentensi ya bibi, kwamba dawa imemkubali kwa sababu hakohoi, ndiyo kiini cha kisa hiki. Alichokiona kilikuwa kweli. Tafsiri ndiyo iliyokuwa kinyume.

Histamini katika ubongo ni moja ya kemikali zinazotuweka macho. Promethazini huvuka kwa urahisi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni na kuziba milango inayopokea histamini. Usingizi huja ndani ya nusu saa hivi. Kwa mtu mzima, nusu ya dawa huchukua kati ya saa 10 na 19 kutoka mwilini, kwa hiyo kijiko cha jioni hukikuta kijiko cha asubuhi bado kipo. Ini la mtoto mdogo halijakomaa katika kazi ya kuivunja, na ubongo wake unaosimamia upumuaji hauna akiba kubwa ya kuhimili kudidimizwa. Njia zake za hewa ni nyembamba. Ulimi ukilegea kidogo tu zinabanwa, na koromo huanza.

Kukohoa nako ni kazi ya mwili ya kusafisha mapafu. Mtoto mwenye nimonia anayeacha kukohoa kwa sababu amelewa usingizi anakaa na makohozi ndani. Promethazini pia hukausha majimaji ya njia ya hewa, na makohozi mazito ni magumu zaidi kutoka. Kwa mtoto mwenye pumu au anayetoa mlio kifuani hilo ni tatizo juu ya tatizo.

Tena kuna jambo ambalo wauguzi wanapaswa kulishika vizuri. Alama tunazofundishwa kuzitafuta kwa mtoto mgonjwa ni hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu. Juu yake tunahesabu pumzi. Dawa hii inaigiza alama ya kulegea, na inafuta alama ya kupumua haraka. Mtoto aliyepewa promethazini anaweza kuonekana mahututi bila kuwa na ugonjwa mkubwa, au akaonekana ametulia huku mapafu yakiungua. Swali la dawa gani amepewa linapaswa kuja pamoja na hesabu ya pumzi. Katika kisa hiki lilikuja nusu saa baadaye, na mtoto alipona kwa sababu kilichofanyika katika nusu saa ile kilikuwa sahihi kwa chanzo chochote kile.

Na mtoto aliyeamka saa 5 usiku akihangaika? Inawezekana alikuwa na njaa, au oksijeni ilikuwa inashuka, au dawa ilikuwa imemgeuka. Kwa baadhi ya watoto promethazini huleta kinyume cha usingizi: kuhangaika, kutetemeka, kulia bila kutulizika. Mzazi huona mtoto halali, huongeza dozi. Kuhangaika kwa mtoto aliyekwisha pewa dawa ya kulaza ni sababu ya kumpeleka kupimwa, si sababu ya kijiko kingine.

## Kijiko, kikaratasi na chupa ya pili

Kijiko cha chakula kiliongeza mara mbili na nusu ya kipimo, lakini nisingependa msomaji aondoke akidhani kosa lilikuwa kijiko. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliweka onyo la juu kabisa kwenye lebo za promethazini, ikikataza matumizi yake kwa watoto wa chini ya miaka 2, baada ya kupokea taarifa za watoto walioshindwa kupumua, baadhi yao wakafa. Mwaka 2006 ikalirudia onyo hilo. Jambo zito katika taarifa zile ni kwamba matatizo ya kupumua yalitokea kwa dozi za kila namna kulingana na uzito, zikiwemo zile ambazo daktari angeziona za kawaida. Maana yake ni kwamba chini ya miaka 2 hakuna kijiko salama cha kumtafutia mtoto huyu. Hata vile vijiko vitatu vya chai vilivyopimwa sawasawa havikupaswa kutolewa.

Kwa walio juu ya miaka 2 dawa inaruhusiwa kwa sababu maalumu, kwa dozi ndogo na kwa uangalifu, lakini mwelekeo ni wa kuzidi kubana. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Australia ilishauri isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 6 katika dawa zinazouzwa bila cheti. Kwa kikohozi cha mafua, dawa za mzio za kundi hili hazijaonyesha faida kwa watoto, kwa hiyo hata pale ambapo hatari ni ndogo, hakuna tunachokinunua kwa hatari hiyo isipokuwa usingizi wenyewe.

Kikaratasi cha "1 x 2" kinastahili kulaumiwa kwa jambo moja: hakisemi moja ya nini. Kwa vidonge hueleweka. Kwa dawa ya maji kinapaswa kuandikwa mililita, na kikombe cha kupimia au bomba lisilo na sindano litoke dukani pamoja na chupa. Boksi nalo lisitenganishwe na chupa, kwa sababu ndilo lenye maonyo.

Chupa ya mafua iliyokuwa nyumbani ilipita bila kuonekana. Klorofeniramini ni ya kundi lilelile la promethazini na hulaza vilevile. Bibi alijua anatibu mafua, mama alijua anatibu kikohozi, na mwili wa mtoto ulipokea dawa mbili za usingizi. Hakuna kati yao aliyefanya kitu nje ya alichoelekezwa, ukiacha kijiko kimoja cha usiku.

Wazazi kadhaa wameuliza kama dawa ile ilikuwa feki, wakikumbuka vifo vya watoto Gambia mwaka 2022, ambako moja ya dawa nne za maji zilizotolewa tahadhari na Shirika la Afya Duniani ilikuwa ya promethazini. Kule tatizo lilikuwa sumu ya dietilini glikoli na etilini glikoli iliyoingia kwenye dawa na kuua figo. Hapa mkojo na figo vilikuwa sawa, na dalili zote zilikuwa zile zinazotarajiwa kwa promethazini halisi. Chupa nzuri, iliyosajiliwa, ya kiwanda kizuri, ingemlaza mtoto huyu vivyo hivyo.

## Kile ambacho duka lingeweza kutoa

Maswali matatu yangetosha: mtoto ana umri gani, anatumia dawa gani nyingine, na ananyonya na kupumua vipi. Swali la mwisho lingeweza kumfanya muuzaji amwombe mama ampeleke mtoto kituoni siku ileile ya Ijumaa, kwa kuwa mtoto mwenye homa na kikohozi anahitaji kuhesabiwa pumzi. Hesabu hiyo mama anaweza kufundishwa: mtoto akiwa ametulia, fulana imepandishwa, tumbo likitazamwa kwa dakika nzima kwenye saa ya simu. Pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, aende kituoni.

Kama ni mafua tu, pua isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi yanayouzwa dukani, hasa kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Anyonye mara nyingi zaidi. Homa itibiwe kwa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Kwa kuwa alikuwa ametimiza mwaka, nusu kijiko cha chai cha asali kabla ya kulala kingeweza kupunguza kikohozi cha usiku. Chini ya mwaka 1 asali hairuhusiwi kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulizimu. Na kama shida ingekuwa mzio wa kweli, vipele vinavyowasha au chafya za msimu, zipo setirizini na loratadini ambazo huingia ubongoni kwa kiasi kidogo sana. Kwa mtoto wa umri huu zinahitaji daktari apange kipimo. Hazitibu mafua wala nimonia.

Yapo maumivu katika kumwambia mama aliyechoka kwamba duka halina dawa ya kumlaza mtoto wake. Muuzaji wa duka hili sasa humweleza mteja mlangoni kwamba kikohozi cha mafua kinaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kuisha, na kwamba usiku wa tatu na wa nne mara nyingi ndio mbaya zaidi. Anasema wengi hukubali wakishaelezwa hivyo, na wasiokubali huenda duka jingine.

## Mipaka ya kisa hiki

Kiwango cha promethazini kwenye damu hakikupimwa. Maabara iliyokuwapo haina kipimo hicho. Picha ya umeme wa moyo haikufanyika, ingawa dawa hii ikizidi inaweza kuvuruga mapigo. Nimonia peke yake inaweza kumlegeza mtoto, na sukari ndogo ilichangia, hasa kwa mtoto aliyekosa uji siku nzima kwa kuwa alikuwa amelala. Kinachoelekeza zaidi kwenye dawa ni mambo matatu yaliyokuja pamoja: usingizi uliobaki baada ya sukari kurekebishwa, pumzi 16 kwa mtoto ambaye mapafu yake yalihitaji zaidi ya 50, na kupanda kwa pumzi hizo saa kwa saa kadiri muda ulivyopita tangu kijiko cha mwisho.